Rafiki yangu amepunguzwa kazini na hajaniambia. Nimsalimie vipi?

*Mshauri, shikamoo. Nina rafiki tuliyekuwa naye chuoni, yeye akiwa mbele yangu. Nilipoanza kazi ya uhasibu ndiye aliyenishika mkono: alinifundisha kufunga hesabu za mwezi, na hata kazi niliyonayo leo niliipata kwa sababu alinisemea. Tulikuwa tunapigiana simu karibu kila jioni tukitoka kazini.*

*Miezi miwili iliyopita mdogo wake alinigusia, akidhani ninajua, kwamba dada yake amepunguzwa kazini. Mwenyewe hajaniambia neno. Simu za jioni zimekwisha. Nikimwandikia ananijibu "salama tu, wewe?" na mazungumzo yanaishia hapo. Sasa hata salamu inanishinda, maana zamani cha kwanza kumuuliza kilikuwa habari za kazini. Naandika ujumbe, naufuta.*

*Mama anasema nisubiri mpaka aseme mwenyewe. Mume wangu anasema nimtumie pesa, maneno hayasaidii. Ofisini kwetu kuna nafasi inatangazwa, lakini ni ya chini kuliko cheo alichokuwa nacho, naogopa kumtajia nikaonekana namdharau. Sitaki anione namhurumia. Sitaki pia kumpa yale maneno ya "utapata nyingine" ambayo najua anaambiwa na kila mtu. Nianzeje, na nimsaidie vipi?*

*Msomaji wako*

---

Marahaba, binti yangu. Nianze na ukimya wake, kwa sababu umeupa maana moja tu: kwamba hataki ujue. Huenda ni kweli. Lakini mtu aliyepoteza kazi husimulia habari ile ile mara nyingi mno: nyumbani, kwa wazazi, kwa mwenye nyumba, kwa kila anayempigia simu. Kila akisimulia hulazimika pia kumtuliza anayemsikiliza. Yule anashtuka, huyu anakasirika kwa niaba yake, mwingine anaanza kumpa mawaidha. Baada ya muda mtu huchoka, na wale ambao hakuwaambia mwanzoni hubaki hivyo hivyo bila kuambiwa. Inawezekana hakukuficha kwa kukusudia. Inawezekana pia anadhani unajua, kwa kuwa mdogo wake anajua, na huko kujibu kwake kwa ufupi ni kusubiri kuona kama utasema chochote. Mimi sijui lipi ni la kweli, na wewe hujui. Tafadhali usijenge uamuzi wako wote juu ya moja kati ya hayo.

Mama yako ana hoja. Kusubiri kunampa rafiki yako nafasi ya kuchagua siku yake na maneno yake, na wapo watu ambao heshima ya namna hiyo ndiyo wanayoihitaji kuliko kitu kingine. Gharama yake ni kwamba wewe unayesubiri tayari unajua. Kila ukimwandikia itabidi uigize, na kuigiza kwa mtu anayekufahamu tangu chuoni si kazi nyepesi. Ukiacha kumuuliza habari za kazini atagundua kwamba umeacha. Ukimuuliza ilhali unajua, unamlazimisha adanganye au akiri hapo hapo. Na siku atakapobaini kwamba ulijua muda wote, huenda akausoma ukimya wako kama vile wewe unavyousoma wake.

Kusema nako kuna hatari, na ya kwanza inamhusu mdogo wake, aliyetoa habari bila kujua kwamba anaitoa. Ukimtaja bila yeye kujua, unaweza kuwagombanisha wakati ambao rafiki yako anamhitaji. Kama unaelekea upande wa kusema, mpigie huyo mdogo mtu kwanza. Mwambie kwamba ungependa kumwambia dada yake unajua, na kwamba umesikia kutoka kwake, kisha umuulize kama anaona sawa. Anaweza kukwambia "subiri kidogo, wiki hii ana usaili," au "watoto bado hawajaambiwa, usipige simu jioni wakiwa karibu." Mambo ya namna hiyo huwezi kuyakisia ukiwa mbali.

Sasa salamu yenyewe. Unaweza kupiga simu, kwenda kumwona, au kuandika. Ukipiga simu atakusikia sauti, na sauti ina joto ambalo maandishi hayana, ila simu humkamata mtu popote alipo. Anaweza kuwa foleni, anaweza kuwa ametoka kukataliwa saa hiyo hiyo, na atalazimika kukujibu papo hapo. Kumtokea nyumbani bila taarifa kuna shida hiyo hiyo, tena kubwa zaidi, maana atakuwa na mgeni wa kumkaribisha. Ujumbe wa maandishi una ubaridi wake, lakini unampa nafasi ya kuusoma, kuuweka pembeni na kukaa na hisia zake kabla ya kukujibu. Kwa habari ambayo hajakupa mwenyewe, mimi ningeanza na maandishi kisha sauti ifuate. Wewe unamjua kuliko mimi. Kama ni mtu anayechukia meseji ndefu, fuata hulka yake.

Umesema unaandika na kufuta. Naomba tuandike mmoja pamoja, uone kila sentensi inafanya kazi gani, kisha uubadilishe usemeke kwa lugha yenu wenyewe:

*"Mambo vipi? Mdogo wako alinigusia kwamba kazi iliisha, alidhani ninajua. Pole sana, najua ulivyoijenga ile idara. Nimechelewa kukuambia kwa sababu sikujua nianzeje. Si lazima unijibu leo, wala si lazima tuliongelee hilo. Nimekumbuka simu zetu. Jumamosi asubuhi nina nafasi, nikupigie?"*

Sentensi ya pili inamaliza maigizo: unajua, na anajua umejuaje. "Kazi iliisha" inataja jambo kwa jina lake bila kuuliza kosa ni la nani. Pole hapo si huruma ya kumshusha, kwa sababu imefuatwa na kitu cha kweli unachokijua juu ya kazi yake. Ukiandika pole tupu anaweza kuipokea kama anavyozipokea nyingine zote, lakini "ulivyoijenga ile idara" linaweza kusemwa tu na mtu aliyemwona akifanya kazi. Weka hapo jambo lako, unalo. Sentensi ya kuchelewa isizidi hapo ilipo. Ukianza kueleza kwa kirefu jinsi ulivyohangaika na usivyolala, utamgeuza yeye kuwa mfariji wako, na hiyo ndiyo kazi anayoikimbia. Mwisho unamwachia mlango wa kutojibu, halafu unaomba kitu kidogo chenye siku yake, ambacho anaweza kukikubali au kukikataa kwa neno moja.

Umeona hakuna msaada wowote humo ndani. Hilo ni la makusudi, ingawa najua wewe ungetamani uje na kitu mkononi. Salamu ya kwanza ikibeba pesa au tangazo la kazi, anaweza kuona kwamba hukumtafuta yeye, umelitafuta tatizo lake. Msaada unaweza kusubiri simu ya Jumamosi, au hata ile itakayofuata.

Kuhusu yale maneno unayoyaogopa, "utapata nyingine" na jamaa zake, sidhani wanaoyasema wana ubaya. Wanasema kwa sababu ukimya unawatisha. Shida ni kwamba maneno hayo hufunga mazungumzo. Ukimwambia mtu kila jambo lina sababu yake, hana tena cha kukujibu isipokuwa asante. "Angalau ulilipwa haki zako" humwambia kwamba maumivu yake yamepimwa na kuonekana madogo. "Sasa si ufungue biashara" humpa mradi mzima, wenye mtaji na hatari, kutoka kwa mtu asiyejua ana akiba kiasi gani. Lipo pia swali ambalo marafiki wema hulirudia bila kujua linavyouma: "vipi, kumepatikana chochote?" Likiulizwa kila wiki, kila simu inakuwa taarifa ya maendeleo, na mtu asiye na maendeleo ataanza kuzikwepa simu. Mwachie yeye alete habari za kazi anapotaka. Salamu yako inaweza kuwa juu ya watoto, afya, usingizi, au ile hadithi mliyoiacha nusu.

Hapo ndipo nataka nikuulize jambo kuhusu huruma. Umeandika kwamba hutaki akuone unamhurumia, kana kwamba ni suala la kuchagua maneno. Mimi naona huruma hujitokeza zaidi katika mambo tunayoacha kuyafanya. Yeye ndiye aliyekufundisha kufunga hesabu. Tangu usikie habari hizi, umemuuliza jambo lolote la kazi yako? Umemlalamikia mkuu wako? Umemwomba ushauri? Kama umeacha ili usimkumbushe, basi umemwondolea kimya kimya nafasi aliyokuwa nayo kwako, ya mtu anayejua. Huenda amepoteza ofisi, lakini hajapoteza ujuzi wake. Ukiwa na hesabu zinazokusumbua kweli, mpelekee. Usitunge tatizo, maana atalijua mara moja na litamuumiza kuliko pole yoyote.

Nasema hivyo nikikumbuka utafiti mmoja wa zamani. Huko Marienthal, kijiji nchini Austria, kiwanda cha nguo kilichowaajiri karibu wanakijiji wote kilifungwa kati ya 1929 na 1930. Mwanasaikolojia Marie Jahoda na wenzake walikwenda huko kuangalia watu wanaishije bila kazi. Mtu angetarajia kwamba muda ukizidi watu watasoma zaidi na kukutana zaidi. Ikawa kinyume: vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua, wanaume wakawa wanatembea polepole na kusimama simama njiani, siku zikakosa umbo. Baadaye Jahoda alieleza kwamba pamoja na mshahara, kazi humpangia mtu siku yake, humkutanisha na watu nje ya familia, humpa lengo analoshirikiana na wengine, humpa hadhi, na humfanya ashughulike. Ndiyo maana "sasa una muda, pumzika" huwa halisaidii sana, na ndiyo maana simu ya Jumamosi yenye saa yake inaweza kuwa na uzito kuliko unavyodhani. Simu zenu za jioni zilikuwa sehemu ya umbo la siku yake. Zikirudi, hata mara moja kwa wiki kwa saa inayojulikana, umemrudishia kipande.

Tuje kwenye msaada wenyewe. "Ukihitaji chochote niambie" ni ahadi ya dhati, ila imeacha kazi yote kwake. Inabidi atambue anahitaji nini, akisie kama wewe unaweza, kisha aombe, na kuomba ndiko kunakomshinda mtu aliyezoea kuwasaidia wengine. Msaada hupokeleka zaidi ukiwa umetajwa, ukiwa mdogo, ukiwa na mwisho, na ukiwa rahisi kukataliwa. Kwa mfano: "Nikusomee wasifu wako Jumapili jioni, nikuonyeshe pasipoeleweka?" Au: "Tufanye usaili wa mazoezi kwa nusu saa, nikuulize kwa nini uliondoka kule?" Hilo la pili lina faida yake. Swali la kwa nini uliondoka huulizwa karibu kila usaili, na mtu aliyepunguzwa mara nyingi hulijibu kwa kirefu mno, kama anayejitetea. Akilisema kwa sauti mbele yako mara kadhaa, litafupika hadi sentensi mbili tulivu: idara ilipunguzwa, nafasi yangu ikiwemo, hiki ndicho nilichokifanya pale na hiki ndicho ninachotafuta. Wewe ni mhasibu mwenzake, una masikio ya kazi hiyo. Nduguze wanaweza kumpenda kuliko wewe na bado wasiweze kumsaidia hapo.

Usijitaabishe sana kumtumia matangazo ya kazi. Yaliyo wazi kwa kila mtu huenda ameshayaona. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba wengi kati ya watu aliowahoji, waliopata kazi kupitia mtu, walisaidiwa na watu waliokuwa wakionana nao mara chache, si marafiki wa karibu. Sababu yake inaeleweka: rafiki wa karibu anawajua watu wale wale unaowajua wewe na anasikia yale yale unayoyasikia, lakini mtu wa mbali anatoka kwenye mzunguko mwingine. Kwa hiyo thamani yako huenda iko kwa watu unaowajua wewe na yeye hawajui: mkaguzi mliyeshirikiana naye mwaka jana, mwenzako wa zamani aliyehamia kampuni nyingine.

Kabla ya kumwendea yeyote kati yao, pata idhini ya rafiki yako. Muulize anatafuta kazi ya namna gani, ni watu gani hataki wajue, na angependa useme nini ukiulizwa kwa nini hayupo kazini. Kisha mwulize yule mtu kama yuko tayari kuunganishwa naye. Akikubali, waandikie wote wawili ujumbe mfupi, mistari mitatu minne, halafu ujitoe. Usifuatilie kila siku imefikia wapi. Na usiahidi zaidi ya ulicho nacho, kwa maana "nitaongea na mkuu wetu" isiyofuatiwa na kitu humweka mtu kwenye matumaini ya wiki nzima.

Ile nafasi ya ofisini kwenu ndiyo ngumu kuliko yote, nami sitajifanya nina jibu lake. Unaogopa kwamba ukimtajia utakuwa umemdharau. Inaweza kutokea. Lakini usipomtajia, utakuwa umeamua kwa niaba yake kwamba cheo kina uzito kuliko mshahara, na hujui hesabu za nyumbani kwake. Wapo wanaokubali cheo cha chini kwa sababu ya bima au karo, na wapo wanaokataa kwa sababu wanajua watakwama humo. Fikiria nawe upande wako: akija, huenda mkawa mezani pamoja na wewe ukiwa juu ya aliyekufundisha. Utaweza? Yeye ataweza? Mkikutana kwenye simu, unaweza kuliweka hivi: "Ofisini kuna nafasi, ni ya chini kuliko uliyokuwa nayo, nami sijui kama ingekufaa. Ningejisikia vibaya kukuficha. Nikutumie tangazo au niliache?" Umesema ukweli wote, pamoja na ule unaouogopa, na uamuzi umebaki mkononi mwake. Angalia tu tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, isije ikapita ukiwa bado unatafuta maneno.

Mume wako naye hajakosea. Kuna siku pesa ndiyo faraja pekee yenye maana. Ila pesa inayoingia kwenye simu bila neno inaweza kumwacha na maswali: ni zawadi, ni mkopo, imetoka kwa nani, wangapi wamejua? Kama mnataka kutoa, kaeni wawili kwanza mkubaliane kiasi ambacho hata kisiporudi hakitawagombanisha. Kisha muulize wazi: "Tuna kiasi tunachoweza kukutolea, si mkopo. Kingekusaidia sasa, au kingekuwa mzigo?" Akisema hapana, pokea hapana yake bila kubembeleza. Unaweza kuuliza tena baada ya muda, maana malipo ya kuachishwa kazi huisha na hali hubadilika.

Na kama hatajibu ule ujumbe wa kwanza? Usimlaumu wala usiandike "naona umeninyamazia." Acha wiki moja au mbili, kisha mwandikie jambo jingine kabisa, jepesi, lisilodai jibu. Watu wengine huhitaji kuona kwamba mlango uko wazi mara kadhaa kabla ya kuusogelea. Lakini ukisikia kwake au kwa mdogo wake kwamba halali usingizi, hali chakula, amejifungia, au anasema yeye ni mzigo na bora asingekuwepo, hapo acha kupima maneno. Nenda, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, na msaidiane na nduguze kumfikisha kwa daktari.

Sidhani hali imefikia huko. Ninachokiona katika barua yako ni watu wawili waliozoeana ambao kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Soma tena ule ujumbe wa mfano, ondoa chochote kisichofanana nawe, na umpigie mdogo wake kabla hujautuma. Ukipata jibu, au usipolipata, niandikie tena, tuangalie pamoja kinachofuata.